Kwa nini RISC-V haijumlishi moja kwa moja kwenye kumbukumbu

Swali: Nimejifunza asembli kwa x86. Huko nikitaka kuongeza kihesabio naandika `add dword ptr [rdi], 1` na kazi imeisha. Sasa nimepata chipu ya RISC-V, na asembla inakataa `add t0, t0, 0(a0)`, inasema `illegal operands`. Ina maana lazima niandike maagizo matatu kwa jambo ambalo x86 inalifanya kwa agizo moja? Kwa nini waliiunda hivi, na je, programu yangu haitakuwa nzito?

Jibu: Ndiyo, ni matatu, na hakuna chaguo la asembla litakalobadilisha hilo, kwa sababu agizo unalolitaka halimo kwenye chipu. Katika RISC-V ya msingi, kama ilivyo kwa ARM na MIPS, kumbukumbu inaguswa na maagizo ya aina mbili tu: yale yanayopakia thamani kutoka kwenye kumbukumbu kuja kwenye rejista, na yale yanayohifadhi thamani ya rejista kwenye kumbukumbu. Mengine yote, yawe ya kujumlisha, kutoa, kulinganisha au kusogeza biti, huona rejista peke yake, au rejista pamoja na namba ndogo iliyoandikwa ndani ya agizo lenyewe.

Kihesabio chako, ikiwa anwani yake imo kwenye `a0`, kinaongezwa hivi:

```
lw   t0, 0(a0)     # soma
addi t0, t0, 1     # ongeza
sw   t0, 0(a0)     # andika
```

Kuhusu uzito: x86 nayo hupitia hatua hizohizo, ila haikuonyeshi. Kwenye Intel 486 ya mwaka 1989, agizo la kujumlisha rejista kwa rejista lilichukua mpigo mmoja wa saa ya prosesa, lakini kujumlisha namba moja kwa moja kwenye kumbukumbu kulichukua mipigo mitatu. Kusoma kumbukumbu kwa `mov` ulikuwa mpigo mmoja, na kuiandika pia mmoja. Jumlisha mwenyewe: soma, ongeza, andika, mitatu. Kuanzia Pentium Pro ya mwaka 1995, prosesa za ukoo huo hulivunja agizo hilo kuwa maagizo madogo ya ndani: moja linasoma, moja linajumlisha, na mawili yanashughulikia kuandika, yaani moja kwa ajili ya anwani na jingine kwa ajili ya thamani yenyewe. Basi kazi ni ileile. Tofauti ni nani anayeitenganisha: chipu wakati wa kuendesha, au wewe na kompaila wakati wa kuandika.

Waundaji wa RISC-V kule Berkeley, walioanza kazi hiyo mwaka 2010, walichagua njia ya pili, na hawakuwa wa kwanza. Kompyuta ya CDC 6600 ya Seymour Cray, ya mwaka 1964, tayari ilifanya hesabu kwenye rejista tu. Sababu zao utaziona vizuri ukiyafungua yale maagizo matatu na kuangalia biti zake.

Andika mistari ile mitatu kwenye faili, ipitishe kwenye asembla kwa `-march=rv32i -mabi=ilp32`, kisha itazame kwa `objdump -d`. Utaona hivi:

```
00052283    lw    t0,0(a0)
00128293    addi  t0,t0,1
00552023    sw    t0,0(a0)
```

Kila agizo ni biti 32 kamili, halizidi wala halipungui. Prosesa ina rejista 32, kwa hiyo kutaja rejista moja kunakula biti 5. Agizo la `add` lenye rejista tatu linatumia biti 15 kuzitaja, na 17 zinazobaki zinaeleza ni agizo la aina gani: 7 za mwanzo, 3 za kati na 7 za mwisho. Agizo la `lw` linataja rejista mbili tu, ya kupokea na ya anwani, kwa hiyo linapata nafasi ya biti 12 za umbali. Ile `0` iliyo kabla ya mabano ndiyo umbali huo, nao unaweza kuwa kuanzia −2048 hadi 2047.

Sasa jaribu kulibana lile agizo lako lililokataliwa. Linahitaji rejista ya jibu, rejista ya kujumlishwa, rejista ya anwani na umbali wa biti 12. Hiyo ni 5 + 5 + 5 + 12, yaani biti 27. Zinabaki 5 za kueleza aina ya agizo, na kati ya hizo mbili zimeshachukuliwa, kwa sababu kila agizo la biti 32 la RISC-V lazima liishie na `11` ili litofautishwe na yale mafupi ya biti 16. Zinabaki tatu, yaani michanganyiko minane kwa prosesa nzima. Haiwezekani. Ukiondoa umbali na kukubali anwani tupu ndani ya rejista, nafasi inapatikana, na hapo mbele utaona kwamba kuna agizo moja lililopita kwenye mlango huohuo. Kwa hiyo uhaba wa biti ni sababu ya kweli, lakini hauelezi yote.

Angalia pia agizo la `sw`, `00552023`. Haliandiki rejista yoyote, linasoma mbili: `a0` yenye anwani na `t0` yenye thamani. Umbali wake wa biti 12 umekatwa vipande viwili, 7 upande wa juu na 5 pale ambapo maagizo mengine yanaweka rejista ya jibu. Mtu akiona mara ya kwanza hudhani ni uzembe. Sivyo. Umekatwa ili rejista za kusomwa zibaki mahali palepale katika kila agizo. Biti 15 hadi 19 ni rejista ya kwanza ya kusoma, biti 20 hadi 24 ni ya pili, iwe ni `add`, `sw` au `beq`. Prosesa inaanza kusoma rejista kabla haijamaliza kutambua agizo ni la aina gani, kwa kuwa inajua zitakuwa wapi. Kwenye x86, agizo linaweza kuwa na urefu wa baiti 1 hadi 15, na mahali pa rejista panategemea baiti zilizotangulia.

Sababu kubwa zaidi imo kwenye mkondo wa hatua. Chukua prosesa ndogo ya hatua tano, ambayo ndiyo inayofundishwa kila mahali na ambayo chipu nyingi ndogo zinafanana nayo. Agizo linachukuliwa, linatambuliwa na rejista zake zinasomwa, kitengo cha hesabu kinakokotoa, kumbukumbu inafikiwa, jibu linaandikwa kwenye rejista. Kila mpigo wa saa, kila hatua inashughulikia agizo lake, kwa hiyo maagizo matano yanasafiri kwa pamoja na kila mpigo mmoja linatoka.

Pitisha `lw t0, 0(a0)`. Kitengo cha hesabu, hatua ya tatu, kinajumlisha `a0` na umbali ili kupata anwani. Hatua ya nne inasoma kumbukumbu kwenye anwani hiyo. Hatua ya tano inaandika `t0`. Pitisha `addi`: hatua ya tatu inajumlisha, ya nne inapita bila kazi, ya tano inaandika. Pitisha `sw`: ya tatu inatafuta anwani, ya nne inaandika kumbukumbu, ya tano haina kazi. Maagizo yote matatu yanatumia kitengo cha hesabu mara moja na kumbukumbu mara moja au hakuna kabisa, na yote yanakwenda mbele tu.

Sasa pitisha agizo lako. Hatua ya tatu inatafuta anwani, ya nne inasoma thamani, halafu unataka kujumlisha. Lakini kitengo cha hesabu kiko nyuma, hatua ya tatu, na tayari kinashughulikia agizo linalofuata. Aliyeiunda chipu ana njia mbili. Anaweza kuweka kitengo cha pili cha hesabu baada ya kumbukumbu, na hapo kila agizo, hata `add` ya kawaida, linapita kwenye mkondo mrefu zaidi, na kila ruka la masharti lililobashiriwa vibaya linatupa maagizo mengi zaidi. Au anaweza kuusimamisha mkondo, arudishe agizo hatua ya tatu, kisha aendelee. Na ukitaka jibu lirudi kwenye kumbukumbu kama x86 inavyofanya, itabidi agizo lifike hatua ya nne mara mbili, kusoma na kuandika, wakati mlango wa kumbukumbu ni mmoja. Yote yanawezekana, na Intel wameyafanya kwa ustadi mkubwa. Ila yanagharimu transista, umeme na muda wa kubuni, na mwisho wa yote faida yake ni kuokoa mistari miwili ya asembli.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa programu hulisahau: agizo linaweza kushindwa katikati. Kwenye mfumo wenye kumbukumbu pepe, `lw` ikikuta ukurasa haupo, prosesa inaruka kwenda kwenye mfumo endeshi, ukurasa unaletwa, na agizo linaanzwa upya. Hilo ni salama kwa sababu `lw` iliyoshindwa haijabadilisha chochote. `t0` ni ileile, `a0` ni ileile. Maagizo yanayofanya mambo mengi kwa mkupuo hayana usalama huo wa bure. Kompyuta ya PDP-11 ilikuwa na maagizo yanayofika kwenye kumbukumbu na papo hapo kusogeza rejista ya anwani, na katika modeli zake kubwa ilibidi iwekwe rejista maalumu ya kukumbuka ni rejista zipi zimeshasogezwa na kwa kiasi gani, ili mfumo endeshi uweze kuzirudisha zilivyokuwa kabla ya kurudia agizo.

Sasa kwenye swali la uzito, hapo una hoja moja ya kweli, nayo ni ukubwa wa msimbo. `add dword ptr [rdi], 1` ni baiti tatu: `83 07 01`. Yale matatu ya RISC-V ni baiti 12. Chipu nyingi za RISC-V zina nyongeza C ya maagizo mafupi ya biti 16, lakini `lw` na `sw` fupi za aina hii zinakubali rejista nane tu, `x8` hadi `x15`, yaani `s0`, `s1` na `a0` hadi `a5`. `t0` ni `x5`, haimo. Ukiacha `t0`, ni `addi` peke yake inayofupishwa, na jumla ni baiti 10. Badilisha `t0` kuwa `a1`, usiguse kitu kingine, na yote matatu yanafupishwa: baiti 6. Asembla inafanya hivyo yenyewe ukiipa `-march=rv32ic`. Kwenye chipu yenye kumbukumbu ndogo ya programu, kuchagua rejista kwa makini kunaokoa nafasi bila kuandika mstari mmoja zaidi.

Lakini uzito unaouona sana unatokana na kutafsiri tabia ya x86 neno kwa neno. Tuseme una safu ya namba 100, na unataka jumla yake. Mtu aliyezoea x86 huiacha jumla kwenye kumbukumbu na kuiongeza kila mzunguko. Akihamia RISC-V anaandika, kwa kila namba: soma namba, soma jumla, jumlisha, andika jumla. Hizo ni safari 300 kwenye kumbukumbu. Jumla haina sababu ya kuwa huko wakati kazi inaendelea. Iweke kwenye rejista hadi mwisho:

```
# a0 = anwani ya safu, a1 = idadi ya namba
jumlisha:
    li   t0, 0
    slli t1, a1, 2
    add  t1, a0, t1
    beq  a0, t1, mwisho
rudia:
    lw   t2, 0(a0)
    addi a0, a0, 4
    add  t0, t0, t2
    bne  a0, t1, rudia
mwisho:
    mv   a0, t0
    ret
```

Hapa safari ni 100, moja kwa kila namba. `slli` inasogeza idadi biti mbili kushoto, yaani mara nne, kwa sababu kila namba ina baiti nne, na `t1` inakuwa anwani ya mara tu baada ya namba ya mwisho. Kwa hiyo hakuna haja ya kihesabio cha mzunguko. `a0` ikifika kwenye `t1`, kazi imeisha. Ile `beq` ya juu inalinda dhidi ya safu tupu.

Mpangilio wa ndani ya `rudia` nao una maana yake. `lw` inapata thamani yake mwishoni mwa hatua ya nne, lakini `add` inaihitaji mwanzoni mwa hatua ya tatu. `add` ikifuata `lw` mara moja, prosesa ya hatua tano italazimika kusimama mpigo mmoja kuisubiri. Nimeweka `addi a0, a0, 4` katikati. Ilikuwa lazima ifanyike kwa vyovyote, na haihitaji `t2`, kwa hiyo mpigo ule unatumika badala ya kupotea. Mizunguko 100, mipigo 100 imeokolewa. Kwenye MIPS za kwanza jambo hili halikuwa la hiari: chipu haikusimama kusubiri, na ukitumia thamani kwenye agizo lililofuata mara moja, hukuwa na uhakika wa kupata thamani mpya. RISC-V inasimama yenyewe, kwa hiyo jibu ni sahihi hata ukipanga vibaya, unapoteza muda tu.

Huu ndio ushindi hasa wa kutenganisha kupakia na hesabu. Rejista inajibu kwa muda unaojulikana. Kumbukumbu hujui: ikiwa thamani imo kwenye kashe ni mipigo michache, ikiwa haimo inaweza kuwa mamia. Agizo la kupakia likisimama peke yake, wewe au kompaila mnaweza kulisogeza juu, lianze mapema, na hesabu nyingine ziendelee huku linasubiriwa. Likiwa limefungwa ndani ya `add`, hakuna cha kusogeza.

Sasa mitego, kwa kuwa unatoka x86 najua ipi itakunasa.

Wa kwanza ni kusahau `sw`. Ndani ya dibaga `t0` inaonyesha thamani sahihi kabisa, ila kihesabio hakibadiliki, kwa sababu ulichobadilisha ni nakala. Ukiona rejista ni sahihi na kumbukumbu ni ya zamani, usitafute mbali.

Wa pili ni jina la lebo. Asembla itakuruhusu kuandika `lw t0, hesabu`, na unaweza kudhani kuna agizo moja la namna hiyo. Ni mawili: `auipc` inayotengeneza sehemu ya juu ya anwani, na `lw` inayomalizia kwa umbali wa biti 12. Ukijaribu `sw t0, hesabu` utakataliwa, na inabidi utaje rejista ya ziada:

```
lw   t0, hesabu
addi t0, t0, 1
sw   t0, hesabu, t1
```

Sababu ni nzuri ukiitazama. Katika kupakia, `t0` itafutwa hata hivyo, kwa hiyo asembla inaitumia kwa muda kushikilia anwani. Katika kuhifadhi, `t0` imebeba thamani yako, haiwezi kuguswa, na asembla haiibi rejista bila idhini. Ukiwa unasoma na kuandika mahali pamoja, andika `la a0, hesabu` mara moja, kisha tumia `0(a0)` kote, badala ya kutengeneza anwani ileile mara mbili.

Wa tatu ni upana. `lw` inasoma baiti nne, `lh` mbili, `lb` moja. Rejista ina biti 32, kwa hiyo baiti moja ikiingia lazima nafasi ya juu ijazwe kwa kitu. Kwenye kumbukumbu kukiwa na `0xF0`, `lb` inarudia alama na kukupa −16, wakati `lbu` inajaza sifuri na kukupa 240. Ukisoma data ya kihisi kwa `lb` kila kitu kitakwenda vizuri hadi thamani ivuke 127, hapo ghafla inakuwa hasi. Hakuna `sbu` wala `shu`, na usizitafute: kuhifadhi kunakata biti za chini tu, alama haina nafasi hapo.

Wa nne ni anwani isiyogawanyika. `lw` inataka anwani inayogawanyika kwa 4. x86 ilikuzoesha kutojali. Baadhi ya chipu za RISC-V zitavumilia, nyingine zitaruka kwenye kishughulikia hitilafu, na ndani ya `mcause`, rejista inayotaja sababu ya hitilafu, utakuta 4 ikiwa ulikuwa unapakia au 6 ikiwa ulikuwa unahifadhi. Ukiona namba hizo, angalia kama umeongeza 1 kwenye anwani ya safu ya namba za baiti nne, ukifikiri unasogea namba moja mbele.

Wa tano ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu unaonekana mara chache na hauachi alama. Tuseme kihesabio kinaongezwa na programu kuu, na pia kinaongezwa na kishughulikia katizo, tuseme la kipima muda. Kwenye x86 yenye kiini kimoja, `add` ya kumbukumbu ni agizo moja, na katizo haliingii katikati ya agizo. Linaingia kabla au baada. Kwenye RISC-V lina nafasi mbili za kuingia. Kihesabio kina 41. Programu kuu inafanya `lw`, `t0` ina 41. Katizo linaingia, linasoma 41, linaandika 42, linarudi na kurejesha `t0` ya 41 kama ilivyotakiwa. Programu kuu inaendelea: 41 inakuwa 42, `sw` inaandika 42. Mara mbili imeongezwa, namba imepanda moja. Dalili yake ni kihesabio kinachobaki nyuma kidogo kila baada ya muda, na kosa linalopotea ukipita hatua kwa hatua kwenye dibaga, kwani muda umebadilika. (Tahadhari pia kuhusu x86: usalama huo ni wa kiini kimoja. Kwenye viini viwili, bila kiambishi cha `lock`, hata agizo lile moja linapoteza hesabu kwa namna hiihii, kwa sababu ndani yake ni hatua tatu.)

Hapa ndipo lile agizo lililopita mlangoni linapoingia. Nyongeza A ya RISC-V ina `amoadd.w`, inayosoma kumbukumbu, kujumlisha na kuandika bila mtu kuingia katikati:

```
li       t0, 1
amoadd.w t1, t0, (a0)
```

`t1` inapata thamani ya zamani; kama huihitaji andika `zero`. Angalia mabano: `(a0)`, hayana umbali mbele, kwa sababu rejista tatu zimemaliza biti. Ni hesabu juu ya kumbukumbu, naam, na inavunja kanuni niliyoieleza. Wameivunja pale tu ambapo maagizo matatu tofauti hayawezi kutoa ahadi ileile, na kwenye chipu kubwa kujumlisha huko kunaweza kufanyika karibu na kashe badala ya kitengo cha kawaida cha hesabu. Usiitumie kila mahali kama mbadala wa `add` ya x86. Kwa kihesabio kisichoguswa na mwingine, yale maagizo matatu yanatosha.

Tatizo ni kwamba nyongeza A haipo kwenye kila chipu. ESP32-C3, kwa mfano, ni RV32IMC, haina A. Hapo unazuia makatizo kwa muda, ikiwa programu yako inaendeshwa katika ngazi ya mashine:

```
csrrci t2, mstatus, 8
lw     t0, 0(a0)
addi   t0, t0, 1
sw     t0, 0(a0)
andi   t2, t2, 8
csrs   mstatus, t2
```

Namba 8 ni biti namba 3, ukihesabu kuanzia sifuri, ya `mstatus`, rejista ya hali ya prosesa; ndiyo biti inayoruhusu makatizo. Agizo la kwanza linaizima na papo hapo kukupa hali ya zamani ndani ya `t2`. Mwishoni tunarudisha biti hiyo kama tulivyoikuta, hatuiwashi kwa nguvu, ili kipande hiki kikiitwa kutoka mahali ambapo makatizo yalikuwa tayari yamezimwa, yabaki yamezimwa. Mbinu hii inafaa kwa kiini kimoja tu. Kuzima makatizo ya kiini hiki hakukizuii kiini kingine kuandika.

Kabla ya kuamua, angalia herufi unazoipa asembla kwenye `-march`. Ukiandika `rv32imc` na ukatumia `amoadd.w`, utakataliwa mapema, na hilo ni jambo zuri. Ukiandika `rv32imac` ilhali chipu haina A, asembla itakubali kimya, na programu itaanguka ikifika kwenye agizo hilo, ikiwa na `mcause` ya 2, yaani agizo lisilotambulika, na `mepc` ikielekeza kwenye mstari wenyewe.